Picha Kumi na Moja Barazani Kagoma

Mwezi wa sita, Jumamosi jioni, mtoto wa kaka yangu alikuja barazani kwangu Kagoma na simu mkononi. Alimaliza SUA kule Morogoro, akafanya kazi ya mkataba miaka miwili, mradi ukafungwa, na sasa ameamua kujitegemea kama mimi: kuwashauri wakulima, vyama vya ushirika na wanunuzi juu ya ubora wa kahawa. "Shikamoo baba mdogo," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikwisha niwekea simu mapajani. "Nafungua ukurasa wangu LinkedIn. Nina picha kumi na moja hapa. Nichagulie moja ya uso na moja ya bango la juu."

Nilizipitia zote mara mbili. Miongoni mwake kulikuwa na ya mahafali, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Kulikuwa na ya harusi, aliyokatwa kutoka kundini na bega la mtu mwingine likabaki pembeni. Kulikuwa na ya ufukweni, miwani myeusi usoni. Kulikuwa na ya semina, watu ishirini kwa mistari miwili. Kulikuwa na ya ghala la ushirika, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Na kulikuwa na selfi tatu za kibanjani, chini ya migomba.

Nikamwambia hakuna hata moja inayofaa. Hakukasirika. Aliuliza kwa nini, na nilipoanza kumjibu nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka kumi, maana karibu kila kosa lililokuwa kwenye simu ile nimewahi kulifanya mimi mwenyewe, na mengine yalinikosesha kazi.

Nilianza kujitegemea mwaka 2014. Picha yangu ya kwanza niliipigia studio pale Bukoba mjini, mbele ya kitambaa cha bluu, ile ya pasipoti saizi ambayo kila Mtanzania anaifahamu. Fundi alikuwa mwema na mwenye bidii. Baada ya kupiga, alikaa kwenye kompyuta "akanisafisha", kama walivyokuwa wakisema. Juu ya nyusi yangu ya kushoto nina kovu la urefu wa kidole gumba. Nililipata utotoni nikimsaidia baba kukata matawi ya mibuni. Kovu likaondoka. Ngozi ikawa nyeupe kuliko ngozi ya mtu yeyote katika ukoo wetu, mikunjo ya macho ikafutika, na shati likawa safi kuliko lilivyokuwa siku lilipotoka dukani. Niliipenda picha ile. Nikaiweka ukurasani.

Miezi michache baadaye kampuni moja ya Nairobi ikanitafuta. Mgeni wao, mama wa makamo, alishukia Bukoba, tukapanga kukutana kwenye mgahawa wa hoteli saa nne asubuhi. Nilifika mapema, nikakaa. Naye akaja, akakaa meza ya tatu kutoka kwangu. Tulikaa hivyo dakika ishirini, kila mmoja akitazama mlango. Mwishowe akaja na simu yake. "Samahani kaka, unamsubiri mtu?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, namsubiri mgeni kutoka Nairobi." Akatazama simu, akanitazama usoni, akatazama simu tena. "Huyu ni wewe?"

Kazi niliipata, lakini kabla hatujaondoka pale aliniomba kitambulisho, na siku nzima ile nilihisi ananipima. Na alikuwa na haki. Kazi yetu ni kumwambia mtu kwamba gunia hili ni safi na lile lina kasoro, hata kama mwenye mali anasema vinginevyo. Mtu aliyekubali uso wake upakwe rangi ana neno gani la kumwambia mnunuzi kuhusu kahawa? Tangu siku ile nina kipimo kimoja cha picha ya wasifu: mtu asiyenijua, akiwa na picha hiyo tu, aweze kunitambua katikati ya watu stendi ya Bukoba. Kovu langu limerudi.

Siku hizi hakuna haja ya fundi wa kompyuta ili kosa hilo litokee. Simu nyingi zinazouzwa kwetu zina hali ya urembo kwenye kamera ya mbele, nayo mara nyingi huwa imewashwa tangu dukani. Inalainisha ngozi, inang'arisha, inapunguza taya, na mwenye simu hajui. Namna ya kuitambua ni kukuza picha hadi uone shavu. Kama huoni kinyweleo wala kitundu, ngozi imekuwa kama sabuni, basi ile hali imewashwa. Nilipozikuza selfi za kijana wangu niliikuta sabuni hiyo kwenye zote tatu.

Picha yangu ya pili ilikuwa na uso wa kweli, ila shati lilikuwa la mtu mwingine. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi zilipoanguka Bukoba na wilaya za jirani, mashirika yalihitaji watu wa kupita vijijini kufanya tathmini. Mimi nilikuwa naijua njia ya kila kijiji kuanzia Muhutwe hadi huku kwetu. Picha yangu wakati huo ilikuwa ya shambani, nimevaa fulana ya shirika nililolitumikia zamani, nembo kubwa kifuani. Nilikuwa nimeichagua kwa kuwa ilionyesha kwamba nimefanya kazi na watu wakubwa. Ofisa mmoja wa tathmini akaja kuniambia baadaye, kwa moyo safi kabisa, "Tulikuona, lakini tulidhani bado uko na wale, tukaona tusiwaingilie." Mistari niliyoandika chini ya picha ilisema wazi kwamba najitegemea. Hakuisoma. Fulana alikwisha isoma. Kwa mshauri wa kujitegemea, nembo ya mwingine kifuani ni jibu la swali ambalo mteja hajauliza, na ni jibu la uongo. Tangu hapo navaa shati la rangi moja, lenye kola, lisilo na maandishi, na si jeupe. Sababu ya kukataa jeupe ni ileile inayoharibu picha za ukuta wa chokaa, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumizwa na jambo hili.

Kamera ya simu, hata ikitambua kwamba kuna uso, hudanganyika. Isipoelekezwa, mara nyingi inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, sehemu kubwa ya picha ni nyeupe, kwa hiyo kamera inaamua kwamba mwanga umezidi na inapunguza kila kitu. Ukuta unatoka vizuri, uso unatoka kama kivuli. Mtu akiiona picha ile anasema ngozi yako ni nyeusi mno kwa picha, na hilo si kweli hata kidogo. Ni ukuta uliochukua mwanga wako. Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kugusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime hapo, kisha kuvuta kile kialama cha jua juu kidogo mpaka uone weupe wa macho na mstari wa midomo. Ya pili ni kubadilisha kilicho nyuma: ukuta wa udongo, matofali, mlango wa mbao, au majani ya mbali yaliyo kivulini. Uso wenye ngozi yetu hupendeza mbele ya kitu kisichong'aa kuliko wenyewe.

Halafu lipo suala la jua lenyewe. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na tuko magharibi ya nchi ilhali saa tunayoifuata ni moja na ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua letu huchelewa kuchomoza na huchelewa kufika juu: liko juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba na dakika chache. Saa hizo linashuka wima. Paji la uso linang'aa, macho yanageuka mashimo mawili meusi, na kivuli cha pua kinalala mdomoni. Nina picha za mwaka 2017 ambazo ningezipenda sana kama si saa zilipopigwa. Asubuhi saa mbili, jua la Kagoma bado ni la pembeni na laini, na jioni kuanzia saa kumi na nusu linarudi kuwa hivyo. Siku ya mawingu, ambayo Bukoba tunazo nyingi, unaweza kupiga karibu saa yoyote, maana wingu linautawanya mwanga na kuondoa vivuli vikali.

Wageni wanaokuja kwetu hupenda kupigwa wakiwa na ziwa mgongoni. Ziwa letu liko mashariki. Asubuhi jua linatokea juu ya maji, na atakayelipa mgongo ziwa saa hizo atatoka kama kipande cha mkaa, hata awe na simu ya bei gani. Anayetaka ziwa nyuma yake asubiri alasiri, jua likiwa limehamia upande wa vilima na kumpiga usoni. Hili nililijifunza kwa kupoteza asubuhi mbili nzima.

Kuhusu migomba, nilimwonyesha kijana wangu rangi ya mashavu yake. Yalikuwa na ukijani, hasa chini ya macho. Kibanja chetu ni kizuri kwa mibuni kwa sababu majani ya migomba yanachuja jua, na kwa uso wa mtu yanachuja vilevile: mwanga unaopita kwenye jani unafika chini ukiwa wa kijani. Mtu anaonekana kama anatoka kuugua malaria. Migomba iwe nyuma yako, hatua sita au saba, na wewe usimame pembeni ya kibanja au barazani, mahali ambapo mwanga unakufikia kutoka angani bila kupitia majani.

Hayo ni ya uso. Bango la juu lilinisumbua miaka mingi zaidi, kwa kuwa nililichukulia kama pambo.

Kwanza niliweka ziwa alfajiri na mtumbwi mmoja. Lilipendeza, watu wakalisifu, na hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu kahawa. Kisha nikachukua picha ya bure mtandaoni: shamba la kahawa limepangwa kwa mistari iliyonyooka kwenye mteremko, ardhi safi katikati ya mistari. Mnunuzi mmoja wa Kampala, mzee aliyekaa kwenye biashara hii maisha yake yote, akaniandikia ujumbe mfupi akiuliza shamba hilo liko wilaya gani. Alijua jibu. Ile ilikuwa arabika ya nchi nyingine kabisa. Robusta ya Kagera inakaa kibanjani, chini ya migomba, mibuni imechanganyika na maharage na miti ya matunda, na hakuna mtu wa kazi hii anayeweza kupotezwa na picha hiyo. Nilimjibu ukweli kwamba si shamba ninalolijua. Naye akanijibu kwa adabu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaona basi niweke ya kwetu. Mwaka 2019, wakati wa mavuno, nilipiga picha ambayo hadi leo naiona kuwa nzuri kwa macho: kahawa mbivu imetandazwa uwanjani, nyekundu kwa mamia, mama mmoja ameinama anaigeuza kwa reki, kuku anapita pembeni, na nyuma kabisa ukungu unaondoka migombani. Nikaikata, nikaiweka. Kichwa cha maneno chini yake kilisema mimi ni mshauri wa ubora wa kahawa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nazungumza kwa simu na kampuni moja ya nje iliyotaka mtu wa kusimamia mafunzo ya ukaushaji kwa vyama vitatu vya ushirika. Tulikuwa tumekubaliana karibu kila kitu. Msichana aliyekuwa akizungumza nami akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ile kahawa kwenye bango lako, imekaushwa chini?"

Ilikuwa imekaushwa chini, juu ya udongo mtupu, hata turubai hakuna. Mimi nimefundisha maelfu ya wakulima kwamba kahawa ya maganda ikilala kwenye udongo inanyonya harufu yake, inapata ukungu, inachanganyika na mawe na kinyesi cha kuku, na haikauki sawasawa. Kwamba inatakiwa ipande kwenye kichanja chenye wavu, hewa ipite juu na chini, isirundikwe, igeuzwe mara kadhaa kwa siku, ifunikwe usiku na mvua ikitishia, mpaka unyevu ushuke kufika karibu asilimia 12. Nayafundisha hayo kila msimu. Na juu ya jina langu nilikuwa nimetundika kinyume chake, pamoja na kuku. Nilipoipiga niliona rangi. Yeye aliona namna ya kukausha. Kazi ile walimpa mtu mwingine, na hawakusema ni kwa sababu ya picha, lakini mimi sina shaka.

Bango linasomwa na watu wa fani. Mshauri wa ujenzi akiweka picha ya jengo, mhandisi atatazama nondo zilizoachwa wazi na kofia ambazo mafundi hawakuvaa. Mhasibu akiweka meza yenye makaratasi, mteja atajaribu kusoma ni hesabu za nani zilizoachwa hadharani namna hiyo. Kabla ya kuweka picha ya kazi, mpe mwenzako mmoja wa fani, mkali, na umwambie atafute kosa. Usimpe ndugu, yeye atakwambia umependeza.

Na picha ile ilikuwa na jambo la pili, zito zaidi kwangu. Yule mama aliyeinama na reki nilikuwa sijamuomba ruhusa. Nilimjua, nikamsalimia, nikapiga. Siku moja tukakutana msibani. Alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, wajukuu wamenionyesha uko nami kwenye simu. Nimeinama, na ile kanga ya kazi. Mbona hukuniambia nikavaa?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi pale pale na jioni ile nikaitoa picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini hata kabla ya sheria, mama yule alikuwa amenifundisha ipasavyo. Sasa naomba ruhusa nikisema picha itakwenda wapi na itatazamwa na nani, na nikishaikata namwonyesha mwenyewe kabla haijapanda. Mara nyingi naona ni bora zaidi bango liwe na mikono na kahawa, bila uso wowote. Uso mmoja kwenye ukurasa unatosha, nao ni wangu.

Jumatatu asubuhi kijana akarudi saa mbili kasoro, amevaa shati la bluu ya giza nililomwambia. Nilimsimamisha barazani, hatua moja ndani ya ukingo wa paa, akitazama nje. Paa lilizuia mwanga wa juu, ua wote ulio wazi ukampa mwanga wa mbele. Nyuma yake ulikuwa mlango wa mbao wa zamani. Kwanza nikaifuta lenzi kwa ncha ya shati, maana simu inayokaa mfukoni ina mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo yanayotia ukungu picha nyingi ambazo watu husingizia kamera. Nikatumia kamera ya nyuma, nikasimama mita mbili kutoka kwake na kukuza mara mbili. Selfi hupigwa kwa urefu wa mkono, na kwa umbali huo pua inakuwa karibu mno na lenzi kuliko masikio, ikatoka kubwa. Mita mbili zinaurudisha uso kwenye sura yake. Simu niliiweka usawa wa macho yake. Nikagusa uso kwenye kioo, nikapandisha mwanga kidogo, nikamwambia anieleze namna ya kutambua kahawa iliyochumwa mbichi. Wakati anaeleza nikapiga picha thelathini na kitu. Ile tuliyoichagua ni ya pale alipomaliza sentensi na kunitazama kuona kama nimeelewa.

Kuikata nako kuna hesabu, si nyingi. LinkedIn inataka picha ya wasifu isiyopungua pikseli 400 kwa 400, na huionyesha ndani ya duara, kwa hiyo pembe nne zote zinapotea. Kichwa kiwe katikati, kichukue zaidi ya nusu ya duara, juu yake ibaki nafasi kidogo, na mabega yaonekane. Nikamwonyesha kwa nini ile picha ya semina isingefaa hata tungefanyaje: ilimfikia kwa WhatsApp ikiwa na pikseli 1600 kwa 1200, na kichwa chake mle ndani kilikuwa na pikseli kama 70 tu. Kukitandaza kwenye duara la 400 ni sawa na kunyoosha unga wa chapati moja uwe chapati sita. Kisha tukaipunguza picha mpya hadi ikawa na ukubwa wa tunda la kahawa, maana huo ndio ukubwa ambao watu wengi wataiona, pembeni ya jina lake anapochangia neno. Kwa mkono ulionyooshwa, bado ulikuwa unajua ni nani. Ile ya mahafali, kwa ukubwa huo, ilikuwa kofia tu.

Tukaenda kwa bango. Jirani yetu ana vichanja vinne alivyojenga msimu uliopita, na tulikwenda kuomba. Mzee alikubali na akauliza kama atapewa nakala. Bango la LinkedIn ni ukanda mrefu, pikseli 1584 kwa 396, upana mara nne ya kimo. Hapo ndipo kijana alipokosea mara ya kwanza: alipiga simu ikiwa imesimama. Akanitumia kwa WhatsApp, ikafika 1200 kwa 1600. Ukikata ukanda wa nne kwa moja humo unapata 1200 kwa 300, pungufu ya kinachohitajika, na ikivutwa ijae inavunjika. Nyavu za kichanja zikageuka ukungu wa kijivu. Nikamwambia alaze simu, arudi nyuma, apige upya. Picha ya kulala kutoka simu yake ina pikseli 4000 kwa 3000; ukanda wake ni 4000 kwa 1000, unabaki mwingi wa kupunguza. Na safari hii akaituma kama faili, kwa kuchagua `Document`, ili isipunguzwe njiani.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kupanga. Duara la uso hukaa juu ya bango, chini upande wa kushoto, na kufunika kilichopo. Kwenye picha ya kwanza mikono ya mzee ilikuwa hapo hapo. Tulihamia upande mwingine wa kichanja, kushoto pakabaki migomba iliyo kivulini, kulia mikono miwili inachambua matunda mabivu juu ya wavu, yale mabichi yamewekwa kwenye ungo pembeni. Hatukuandika maneno yoyote juu yake. Kijana alitaka jina la kampuni yake na namba ya simu, nikamkatalia. Kwenye simu maandishi yale hayasomeki, na jina lake limeandikwa tayari chini yake.

Nilimpelekea picha ya bango mwenzangu mmoja wa Karagwe, mtu asiyesifu ovyo. Akarudisha swali moja: "Mbona kona ile ya kichanja kahawa imerundikana?" Alikuwa na haki. Tulirudi kwa mzee, tukaitandaza, tukapiga tena. Mwisho kijana akaingia kwenye mpangilio unaosema nani aone picha ya wasifu, akakuta imefungwa kwa watu anaofahamiana nao peke yao, akaifungua kwa wote, maana mteja mpya ni mtu usiyemfahamu.

Kazi yote ilichukua asubuhi moja, simu moja na shati moja. Nakala ya mzee tuliichapisha Muleba mjini wiki ile ile, ameitundika sebuleni kwake.